Nisaidieni kugeuza kijikaratasi cha hogo kiwe karatasi anayoielewa mgonjwa (dalili za hatari na siku za kurudi)

Nesi wa Majengo

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, kituo chetu kina chumba kidogo cha plasta. Mgonjwa akishafungwa hogo tunampa kijikaratasi kilichoandikwa kwa mkono, naye anaondoka. Nimepewa kazi ya kukigeuza kiwe ukurasa mmoja wa A4 wa kumpa kila mgonjwa wa hogo la mkono. Nakileta kama kilivyo, majina nimeyatoa:

> Piopi chini ya kiwiko, mkono wa kulia. Inua mkono. Usiloweshe. Mazoezi ya vidole. Rudi haraka mzunguko wa damu au neva zikiathirika. Rudi 1/52 na picha. Kutoa 6/52.

Mgonjwa ni mama wa miaka 58, aliteleza akaangukia kiganja. Kigasha kimevunjika karibu na kifundo cha mkono, mfupa ukavutwa ukarudishwa mahali pake, akafungwa hogo zima Ijumaa tarehe 6 Machi 2026, saa 9 alasiri. Anaishi Rombo. Kusoma anajua, ila maandishi madogo hayaoni.

Nianzie wapi? Jaribio langu la kwanza lilikuwa kupanga maneno hayohayo kwa herufi kubwa. Mwenzangu kaniambia nimekuza tatizo tu.

---

Mzee wa Plasta

Mwenzako kasema kweli. Kijikaratasi hicho kimeandikwa kwa ajili ya mhudumu atakayefungua faili, ndiyo maana kila neno ndani yake linamtaka msomaji awe ameshajua jambo. Mchukue huyo mama, mweke kitandani kwake Rombo saa 7 usiku, vidole vimevimba, na karatasi mkononi. Itamwambia nini?

Anza na "inua mkono". Kwa Kiswahili mkono ni kuanzia begani mpaka kwenye kucha. Ukimwambia mtu inua mkono atainua kama mwanafunzi anayejua jibu, atachoka baada ya dakika mbili, ataushusha na hatarudia. Au atauweka kwenye kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni kikiwa kirefu, kiganja kikining'inia usawa wa kitovu, akiamini ameuinua. Andika kinachoonekana kwa macho: vidole viwe juu kuliko kiwiko, na mkono uwe juu kidogo ya moyo. Akikaa, auweke juu ya mito miwili. Akilala, mto mmoja kifuani au pembeni. Akitembea, kitambaa hicho kifupishwe mpaka kiganja kifike kifuani upande wa pili. Afanye hivyo siku 3 za kwanza, kwa kuwa uvimbe hupanda ndani ya siku hizo wakati hogo zima halitanuki.

Na weka mchoro. Hilo neno kiwiko lenyewe wapo wanaolitumia kwa kifundo cha mkono. Ukichora mshale, ubishi umekwisha.

"Mazoezi ya vidole" nayo haina kipimo. Akunje ngumi kadiri anavyoweza, anyooshe vidole vyote mpaka mwisho, mara 10, kila saa akiwa macho. Kiwiko akikunje na kukinyoosha, na bega alizungushe mara chache kwa siku, maana hogo fupi halikuyafunga. Usipoandika hivyo, wiki ya sita atakuja mfupa umeunga na bega limeganda.

Ukishafika hapo tuongee dalili, ndiko kwenye uzito.

---

Fundi Jipsamu AR

Kwa plasta mimi naona mnachelewa bure, changanya kwa maji kidogo itashika haraka. Ila kwa nini mnaipaka chini ya kiwiko? Ni dari au ni ukuta wa kona?

---

Nesi wa Majengo

Fundi, hii ni plasta ya mtu aliyevunjika 😂 Hogo.

---

Fundi Jipsamu AR

Aisee nimesoma kichwa cha habari mbiombio. Samahani wadau. Lakini jasi ni jasi. Hiyo mnayofungia ikishika dakika kumi mteja anadhani imekauka, kumbe imeshika tu, maji yako ndani bado. Sisi tunajua kwa kugusa na mgongo wa mkono: yenye maji ni ya baridi na ukigonga inatoa sauti nzito, iliyokauka haina ubaridi na sauti yake ni kavu. Sasa hivi masika inaanza, huku Arusha kitu cha siku mbili kinakwenda tatu. Na msikaushe kwa moto. Juu inakuwa ngumu, ndani mbichi, inapasuka.

---

Mzee wa Plasta

Umeingia kwa mlango usio wako lakini umeleta kitu cha kuandikwa. Nesi, chukua hicho kipimo cha ubaridi na sauti. Hogo la mkono hukauka kabisa ndani ya siku 2, la mguu laweza kufika 3, na baridi au mvua huongeza. Muda huo wote lisifunikwe blanketi, lisiwekwe kwenye ncha ya meza wala lisibonyezwe kwa vidole. Shimo la kidole kwenye hogo bichi linabaki uvimbe kwa ndani, na uvimbe huo utakula ngozi polepole.

Moto pia uandike kwa jina: asikae karibu na jiko la mkaa wala kuotea moto jikoni. Mama wa Rombo msimu wa mvua ataenda kuotea tu usipomwambia. Hogo hupata joto wakati wa kushika hata bila moto, kwa hiyo mwambie pia joto la dakika za mwanzo ni la kawaida na linapaswa kupoa. Likiendelea kuunguza sehemu moja, hiyo ni dalili.

---

Mwanafunzi wa Tabibu

Naomba kuchangia. Kwenye dalili muweke zile tano tulizofundishwa: maumivu, kupauka, ganzi, kupooza na kukosa mapigo. Mgonjwa afundishwe kupapasa mapigo ya mkono kila baada ya saa 4. Mapigo yakiwepo basi damu inapita, hana haja ya kupanda gari usiku kutoka Rombo.

---

Mzee wa Plasta

Kijana, orodha yako ni sahihi ila mpangilio wake ndio unaomlaza mgonjwa mpaka asubuhi. Kwanza, mapigo unayoyazungumzia yako chini ya hogo, atayapapasia wapi? Pili, na hili ndilo kubwa, msuli unaweza kuwa unakufa huku mapigo yakiwepo. Shinikizo linalobana mishipa midogo iliyo ndani ya msuli ni dogo kuliko lile la mshipa mkubwa. Mshipa mkubwa unaendelea kudunda na msuli wenyewe haupati kitu. Mapigo yakipotea umeshachelewa, kupooza nako ni dalili ya kuchelewa. Saa zinazohesabiwa hapo ni kama 6, baada ya hapo msuli huanza kuharibika usirudi.

Dalili ya mapema ni maumivu. Ila maumivu ya namna yake: yanazidi badala ya kupungua, dawa haiyatulizi, na mtu mwingine akinyoosha vidole vyake taratibu yanaruka juu. Hiyo ya kunyoosha ifundishwe kwa aliyemsindikiza. Dakika moja tu hapohapo chumbani.

Kwa hiyo kwenye karatasi mapigo yasiwepo kabisa. Ukiyaandika, umempa sababu ya kubaki nyumbani.

---

Mwanafunzi wa Tabibu

Nimekuelewa. Lakini rangi je? Vitabu vinasema vidole vya bluu au vilivyopauka.

---

Dada wa Kiborloni

Hapo kwenye rangi mniachie mimi, nafanya wodi ya mifupa. "Vidole vya bluu" kwa ngozi zetu ni maneno ya kupoteza muda. Mama mweusi hataona bluu kwenye mgongo wa vidole. Aangalie kucha, na aangalie upande wa ndani wa ncha za vidole, tena kwa kulinganisha na mkono usio na hogo. Abonyeze kucha mpaka iwe nyeupe, aachie, rangi irudi kabla hajamaliza kuhesabu moja, mbili polepole. Ikichelewa, abonyeze mkono wa pili. Zikichelewa zote mbili na ni asubuhi ya baridi, huenda ni baridi tu, apashe joto kwa blanketi mkono usio na hogo, na vidole tu vya mkono wa hogo, arudie. Ukichelewa mmoja ule wa hogo, hiyo si baridi.

Kwa hiyo rangi ya kucha itoke kabla hajafungwa. Hina haitoki, mwenye hina atumie ncha za vidole kama hazikupakwa, la sivyo ategemee maumivu na ganzi. Na pete, jamani, pete zitoke kabla ya hogo. Kidole kikishavimba pete inageuka kamba.

Neno ganzi litatosha? Naona wengine wakisema "mkono umekufa", wengine "sindano sindano", wengine "wadudu wanatembea". Andikeni zote tatu. Mtu anatafuta neno lake kwenye karatasi, asipolikuta anasema hilo langu halimo.

---

Baba Wawili Ngaramtoni

Nauliza, mwanangu wa miaka 7 ana hogo la mguu, wiki ya pili sasa, linacheza, kidole changu kinapita kwa juu. Hana maumivu, anakimbia nalo. Mke wangu amelijaza pamba lisitikisike. Hii iko kwenye dalili zenu au si tatizo?

---

Dada wa Kiborloni

Baba Wawili, uvimbe ukishuka hogo hulegea, hasa kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, kwa hiyo kulegea kwenyewe si ajabu. Tatizo ni kwamba hogo linalocheza halishiki mfupa, na mfupa wa mtoto wiki ya pili bado ni laini, unaweza kupinda taratibu bila yeye kulia. Pamba itoeni, hukunjamana na kuchubua ngozi. Mpeleke walikomfunga kesho au keshokutwa, si usiku huu, wamwangalie na wampige picha wakiona haja. Na asikimbie nalo. Muulize pia ameingiza nini humo, wa umri huo huhifadhi sarafu na maharage.

Nesi, ona alichotuletea. Kulegea ni dalili, lakini si ya kukodi gari usiku. Karatasi yako ikiweka kulegea na maumivu makali kwenye orodha moja yenye kichwa "rudi haraka", kuna mambo mawili: wengine watakodi gari usiku kwa hogo lililolegea, na wengine wakishaona kwamba orodha ina vitu vidogo watadharau yote.

---

Nesi wa Majengo

Basi nafanya visanduku viwili. Cha kwanza "Njoo sasa hivi, hata usiku". Cha pili "Njoo kesho asubuhi". Nilitaka cha kwanza kiwe chekundu.

---

Dada wa Kiborloni

Mtatoa fotokopi, chekundu kitatoka kijivu hafifu kuliko maandishi mengine. Weka mstari mnene mweusi kuzunguka sanduku. Herufi za ukubwa wa 14 kwenda juu, kwa ajili ya huyo mama asiyeona vizuri.

---

Mwalimu Njia Panda

Mimi si mtu wa tiba, nafundisha Kiswahili, ila uzi huu umenikalia. Kuna mtego wa saa ambao hamjaugusa.

Mkiandika "rudi baada ya saa 2", mtu anaweza kuja saa 2 asubuhi, au akahesabu muda wa saa mbili. Mkiandika "kliniki 8:00" kwa namna ya kompyuta, mwenye kusoma Kiswahili atafika saa 8 mchana, foleni imeisha. Muda uandikwe kwa siku pale inapowezekana, na miadi iandikwe na sehemu ya siku: "saa 2 asubuhi". "Saa 48" nayo iwe "siku 2, usiku na mchana".

Na hiyo 1/52 ni nini? Mimi nilidhani ni ukurasa.

---

Nesi wa Majengo

Mwalimu 😂 ni wiki moja, kwa kuwa mwaka una wiki 52. 6/52 ni wiki sita. 3/7 ingekuwa siku tatu, 2/12 miezi miwili. Tumezoea kiasi kwamba nimeinakili kwenye rasimu bila kuiona.

---

Mwalimu Njia Panda

Basi fikiria mwenye kusoma 6/12. Huyo kwake ni tarehe 6 Desemba.

---

Mzee wa Plasta

Hapo ndipo tuingie kwenye siku za kurudi. Hata ukiandika "baada ya wiki moja" bado hujamaliza, maana mgonjwa hajui tarehe hiyo inabebwa na nini. Asipojua, ataiahirisha kwa msiba, kwa mvua, kwa nauli.

Tuhesabu ya huyu mama. Kafungwa Ijumaa tarehe 6. Kafungwa hogo zima siku ileile mfupa uliporudishwa, uvimbe ukiwa bado unapanda, kwa hiyo aonwe Jumamosi tarehe 7. Kama Rombo ni mbali alale kwa ndugu hapa Moshi, au aende kituo cha afya kilicho karibu naye akiwa na karatasi. Anayemwona anaangalia vidole tu, haihitaji picha. Mimi binafsi ningempa nusu hogo siku hizo za kwanza, bamba upande mmoja na bandeji, kisha hogo zima uvimbe ukishuka. Lakini mfungaji ana sababu zake, sikuwepo.

Wiki moja: Ijumaa tarehe 13, na picha. Lengo ni kuona kama mfupa umeteleza. Uvimbe umeshuka, hogo limelegea kidogo, mfupa uliovutwa ukakaa sawa unaweza kurudi ulikotoka. Ukionekana siku ya 7 unaweza kuvutwa tena kwa sababu bado haujashikana. Ukionekana wiki ya nne, umeshaanza kuunga ukiwa umepinda, na kuuweka sawa ni kazi ya chumba cha upasuaji. Kwa hiyo miadi hii ndiyo inayoamua kama atakunja kiganja vizuri maisha yake yote, na ndiyo watu wanayoikosa kwa sababu siku ya 7 maumivu yamepungua na wanajisikia wazima. Iandike hivyo: "Njoo hata kama huna maumivu."

---

Nesi wa Majengo

Picha ya pili? Daktari wetu hutaka na wiki ya pili. Kliniki ya mifupa kwetu ni Jumanne na Ijumaa.

---

Dada wa Kiborloni

Wiki ya pili inaangukia Ijumaa tarehe 20 Machi, na Idi inatazamiwa tarehe 20 au 21 kulingana na mwezi. Kliniki itafungwa au itakuwa na mtu mmoja. Isogezwe nyuma, Jumanne tarehe 17, siku ya 11. Isiende Jumanne tarehe 24 kwa kisingizio cha sikukuu, hiyo itakuwa siku ya 18 na nafasi ya kuuvuta mfupa kirahisi imepungua sana. Weka kanuni hii kwa anayejaza tarehe: miadi ya picha ikigongana na sikukuu, irudi nyuma. Ya kutoa hogo inaweza kusogea mbele siku chache.

Wiki sita kamili ni Ijumaa tarehe 17 Aprili.

---

Mwanafunzi wa Tabibu

Wiki sita lazima? Nimeona wengine wakitoa wiki ya tano, hata ya nne, ili kiungo kisikauke.

---

Mzee wa Plasta

Umesema jambo, na hapo wataalamu hawakubaliani. Mfupa wa aina hii kwa mtu mzima hufungwa wiki 4 mpaka 6, inategemea ulivunjika vipi na daktari anaamini nini. Mtoto wiki 3 au 4 zinatosha kwa kawaida. Ndiyo maana karatasi isichapishwe na namba ya wiki. Nafasi iachwe wazi, aliyefunga ajaze tarehe kwa mkono, tarehe kamili na jina la siku. Ukichapisha "wiki 6", mama mwenye mtoto wa miaka mitano atasubiri sita.

---

Nesi wa Majengo

Kuhusu maumivu nina swali. Tumempa parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Nikiandika "njoo kama dawa haitulizi", atasubiri muda gani kabla ya kuamua kwamba haitulizi?

---

Mzee wa Plasta

Mimi huandika saa moja. Ameze, mkono uwe juu ya mito, achezeshe vidole. Baada ya muda wa saa moja yakiwa yaleyale au zaidi, aondoke nyumbani. Lakini kama kuna ganzi, vidole vya baridi au havichezi, hakuna saa ya kusubiri.

Na kuna jambo linalokinzana na tulichosema juu. Ukishashuku kwamba msuli unabanwa, usiendelee kuupandisha mkono juu sana. Ukiwa juu ya moyo damu inapanda kwa shida, na msuli tayari una njaa. Njiani kuja hospitali mkono uwe usawa wa moyo, kifuani.

---

Dada wa Kiborloni

Hilo ni kweli lakini naogopa kuliweka. Mgonjwa akisoma "inua" sehemu moja na "usiinue" sehemu nyingine, atashika lile rahisi, yaani kutouinua kabisa. Mimi ningeliacha kwa mhudumu.

---

Mzee wa Plasta

Linaweza kukaa ndani ya sanduku la kwanza kama maelekezo ya safari: "Ukiwa njiani, weka mkono kifuani." Haliwi amri ya pili.

---

Nesi wa Majengo

Nimejaribu. Hii rasimu, upande wa mbele:

> HOGO LA MKONO: KARATASI YA KWENDA NAYO NYUMBANI
>
> Umefungwa: Ijumaa 6 Machi 2026, saa 9 alasiri. Mkono: kulia.
>
> Siku 3 za kwanza. Vidole viwe juu kuliko kiwiko (angalia mchoro). Kila saa ukiwa macho, kunja ngumi na nyoosha vidole mara 10. Hogo bado lina maji ndani kwa siku 2 au 3. Usilifunike, usilibonyeze, usikae karibu na jiko.
>
> Siku zote. Lisipate maji. Ukioga, lifunge mfuko wa plastiki na uliweke nje ya maji. Ukiwashwa, usiingize kijiti, sindano ya kufumia wala unga wowote.
>
> NJOO SASA HIVI, HATA USIKU: Maumivu yanazidi, na saa moja baada ya kumeza dawa hayajapungua. Mtu akikunyooshea vidole unaumia sana. Vidole vimekufa ganzi, vinachoma kama sindano, au unahisi wadudu wanatembea. Vidole vya baridi kuliko vya mkono mwingine. Ukibonyeza kucha rangi inachelewa kurudi kuliko mkono mwingine. Huwezi kuchezesha vidole. Ukiwa njiani, weka mkono kifuani.
>
> NJOO KESHO ASUBUHI: Hogo limelegea, limepasuka au limelowa. Sehemu moja chini ya hogo inachoma au inakwaruza kila wakati. Harufu mbaya, au doa jipya juu ya hogo. Kitu kimeingia ndani.
>
> SIKU ZA KURUDI. Njoo hata kama huna maumivu.
> Jumamosi 7 Machi, asubuhi: kuangalia vidole.
> Ijumaa 13 Machi, saa 2 asubuhi: picha, kuona kama mfupa umesogea.
> Jumanne 17 Machi, saa 2 asubuhi: picha ya pili.
> Ijumaa 17 Aprili, saa 2 asubuhi: daktari kuamua kutoa hogo.
> Simu: ____________

---

Dada wa Kiborloni

Nzuri. Harufu au doa pamoja na homa vihamie sanduku la kwanza, hapo kuna kidonda kinachooza ndani. Doa la damu la siku ya kwanza ni jambo jingine, lizungushie kalamu na uandike saa; likikua anakuja.

Na hogo la mguu msitumie karatasi hii kwa kubadilisha neno. Mguu una la kwake: kuvimba na kuuma nyuma ya mguu, kifua kuuma ghafla, kushindwa kupumua, yaani damu iliyoganda. Hayo ni ya sasa hivi.

---

Fundi Jipsamu AR

Mfuko wa plastiki akiufunga siku mbili za mwanzo jasi haitakauka, maji yanabaki humo humo. Andikeni kwamba baada ya kuoga autoe.

---

Mzee wa Plasta

Fundi utapewa koti jeupe. Weka hilo.

Sasa upande wa nyuma. Mama akifika kituo cha karibu usiku, atakayempokea anaweza kuogopa kugusa hogo la hospitali nyingine. Atampa dawa ya maumivu na kumwandikia rufaa ya asubuhi. Kwa hiyo nyuma iandikwe kwa mhudumu: akija na dalili za sanduku la kwanza, pasua hogo urefu wote, kata na pamba na bandeji ya ndani mpaka uone ngozi, lipanue, ndipo umpeleke. Pamba iliyolowa damu ikakauka inabana kama pete, kupasua jasi peke yake hakutoshi. Asipokuwa na msumeno, aloanishe mstari kwa maji na akate tabaka kwa tabaka kwa kisu cha upasuaji. Mfupa ukisogea tutauvuta tena.

---

Mwalimu Njia Panda

Na ndugu wakiisoma wakaamua kupasua wenyewe kwa kisu cha jikoni?

---

Mzee wa Plasta

Ndiyo hofu yangu pia. Nimeona sehemu wanaiandika kwa lugha ya kitabibu makusudi ili ndugu wasiifuate, lakini kituo kingine hicho kinaweza kuwa na mhudumu mmoja mwenye haraka. Mimi ningeandika Kiswahili chepesi na juu yake "KWA MHUDUMU WA AFYA TU".

---

Dada wa Kiborloni

Mimi ningeandika namba ya simu ya zamu badala ya maelezo, mhudumu apige aelekezwe. Lakini simu ya zamu inapokelewa?

---

Nesi wa Majengo

Usiku si kila mara. Nitaweka vyote viwili kwa sasa, nimwonyeshe daktari.

Jambo la mwisho, nampa vipi? Nikimuuliza "umeelewa?" kila mtu anasema ndiyo.

---

Dada wa Kiborloni

Usimuulize hivyo. Mwambie: "Mama, nionyeshe utakavyouweka mkono ukilala. Haya, saa 7 usiku vidole vimekufa ganzi, unafanya nini?" Akijibu "nasubiri kupambazuke", rudini kwenye sanduku la kwanza. Aliyemsindikiza naye umuulize, maana ndiye mwenye simu ya kuita bodaboda.

---

Baba Wawili Ngaramtoni

Tumeitoa pamba. Kumetoka vifuniko viwili vya soda na penseli. Kesho tunakwenda.